Chunusi kwenye ngozi yenye keloidi: jinsi ya kuzituliza kabla hazijaota makovu ya kuvimba

Kuna watu ambao sikio likitobolewa huota kinundu kigumu nyuma ya tundu, na chanjo ya mkononi huacha alama iliyonenepa badala ya kulala. Kwa watu hawa chunusi ya kifuani haitibiwi kama ya jirani. Jirani ataikamua, itakauka, itaacha doa, na doa litafifia. Wao wakiikamua ya aina ileile, miezi mitatu baadaye huenda pana uvimbe unaong'aa, unaowasha usiku na uliokwisha kuvuka mipaka ya chunusi yenyewe. Mwongozo huu ni wao. Nimewafikiria hasa wakaazi wa Lamu, kwa sababu joto la huku, mavazi ya huku na baadhi ya vipodozi vya huku vina mkono wao katika jambo hili.

Kwanza tuelewe keloidi inatokea vipi, maana hatua zote zinazofuata zinatoka hapo. Ngozi ikiumia, chembe zake hutengeneza nyuzi za kolajeni kuziba pengo, na kazi ikiisha huacha. Kwenye ngozi ya keloidi haziachi, zinaendelea kurundika nyuzi hata baada ya jeraha kufunga. Kinachozisukuma ni ile hali ya ngozi kuvimba, kupata joto na kuuma, ambayo hapa nitaiita mwako. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: mwako umefika chini kiasi gani, na umekaa siku ngapi. Chunusi ndogo ya juu juu iliyokaa siku nne ni nadra kuleta shida. Chunusi ya ndani, ngumu, iliyokaa wiki tatu huku ikibonyezwabonyezwa, hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Basi kila utakachofanya kiwe na lengo moja, kufupisha mwako na kuuzuia usishuke chini. Na hapa watu wengi hujikwaa, kwa sababu dawa kali inayochoma ngozi nayo ni mwako. Mtu anatoka kwenye chunusi anaingia kwenye jeraha la dawa, na ngozi yake haijui tofauti.

Hatua ya kwanza: hakikisha ngozi yako ni ya aina hiyo

Simama mbele ya kioo mchana, usihesabu madoa. Tafuta makovu ya zamani na uyapitishie kidole. Alama ya chanjo ya kifua kikuu ya utotoni, matundu ya masikio, mahali ulipochanjwa au kujikata, alama za tetekuwanga, mshono wa upasuaji kama upo. Kovu lililolala sawa na ngozi, hata likiwa jeusi sana, si keloidi. Kovu lililoinuka lakini limebaki ndani ya mpaka wa jeraha lake ni kovu nene, na mara nyingi hili hupungua lenyewe kwa miezi au miaka. Lililoinuka na kutambaa nje ya mpaka, likawa kubwa kuliko jeraha lililolizaa, hilo ndilo keloidi, nalo halitabiriki kurudi chini bila tiba.

Kisha uliza nyumbani. Hali hii hufuata damu, na watu wenye ngozi nyeusi huipata zaidi kuliko wenye ngozi nyeupe. Kama mama, baba au ndugu wa tumbo moja anayo, jichukulie kuwa nawe unayo hata kama bado hujaota. Umri nao una maana: miaka kati ya balehe na thelathini ndiyo keloidi huchipuka zaidi, na ndiyo miaka hiyohiyo ya chunusi.

Hatua ya pili: chora ramani ya hatari

Jambo hili husahaulika kuliko yote. Watu hutumia fedha na wasiwasi wao wote kwenye paji la uso na mashavu, wakati sehemu hizo ni nadra kuota keloidi. Hatari inaanzia kwenye taya kwenda chini: mstari wa taya, chini ya kidevu, shingo, katikati ya kifua, mabega, mgongo wa juu, na ncha za masikio. Sehemu nyingi kati ya hizi ngozi yake huvutwa kila unaposogea, na mvuto nao huchochea nyuzi.

Kwa hiyo panga ngozi yako katika makundi mawili. Usoni katikati, yaani paji, pua na mashavu, unaweza kwenda taratibu na kusamehe makosa madogo. Taya, kifua, mabega na mgongo, hakuna kukamua, hakuna kusugua, na chunusi ya ndani ikikaa zaidi ya wiki mbili unamwona mtabibu. Ukiwa na dawa ya kutosha sehemu moja tu, ipeleke kifuani na kwenye taya. Najua inauma kusikia hivyo ukiwa na harusi ya kuhudhuria, lakini doa la shavuni litaondoka na keloidi ya kifuani haitaondoka.

Hatua ya tatu: hakikisha ni chunusi

Pwani kuna vipele vingine vinavyofanana na chunusi, navyo hupenda kifua na mgongo wakati wa kaskazi, joto linapopanda na nguo zikashika jasho. Ni fangasi wa vinyweleo. Utavijua kwa dalili tatu. Vyote vina ukubwa mmoja, vinawasha kuliko kuuma, na katikati yake huoni vile vichwa vyeusi au vyeupe vilivyoziba. Chunusi halisi huwa mchanganyiko: vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, vipele vyenye usaha, na pengine vinundu vya ndani.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu vidonge vya antibayotiki havitibu fangasi, na huweza kumwongeza. Vikiwa ni vya fangasi, chukua shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ipake kifuani na mgongoni kwenye ngozi iliyolowa, iache dakika 5, suuza. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili. Vikipungua sana ndani ya muda huo, umepata jibu. Wengine wana vyote viwili kwa pamoja, basi anza na fangasi ili kuwasha kukome, kwa sababu kuwasha kunaleta kujikuna na kujikuna kunafungua jeraha.

Hatua ya nne: acha vinavyochoma

Kabla ya kununua chochote, kuna vitu vya kutoa bafuni.

Ndimu ni ya kwanza. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huunguza na kuacha weusi wa miezi. Kitunguu saumu kibichi kikibandikwa kwenye chunusi hufanya lengelenge kama la moto. Dawa ya meno, mafuta ya karafuu yasiyochanganywa na spiriti, vyote hivi vinakausha kichwa cha chunusi kwa kuchoma ngozi iliyo kando yake.

Mafuta ya nazi yanahitaji maneno mawili zaidi, maana nikisema yaachwe kuna bibi atakayekasirika. Kwenye nywele na miguuni hayana tatizo. Kwenye uso, kifua na mgongo wa mwenye chunusi huziba vinyweleo. Ukiyapaka nywele, funga leso unapolala, la sivyo yatateremka mpaka kwenye paji na shingo. Liwa yenyewe iliyosagwa laini na kuchanganywa na maji ya waridi haina kishindo. Singo ndiyo hatari, kwa sababu kazi yake ni kusugua, na punje zake hupasua chunusi. Mwari mwenye keloidi asisuguliwe taya, kifua wala mgongo. Mikono na miguu isiyo na vipele inatosha, na somo anayejua kazi yake ataelewa akielezwa mapema.

Kisha kuna krimu za dukani zinazosafisha uso kwa siku tatu. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Chunusi hutulia haraka, ngozi ikawa nyembamba, na ukiacha zinarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku kuuzwa kama vipodozi nchini Kenya, bado utazikuta zimepangwa rafuni. Ukiwa umeitumia krimu ya steroidi kwa miezi, tarajia wiki kadhaa ngumu baada ya kuiacha, na ni afadhali uzipite ukiwa chini ya uangalizi wa mtabibu.

Mwisho, nguo. Ninja iliyobana kwenye taya, jasho likikauka ndani yake, huzalisha vipele vilivyopangana kwenye mstari wa kitambaa. Hivyohivyo mshipi wa mkoba begani. Uwe na ninja zaidi ya moja, za pamba au kitambaa chepesi, ubadilishe kila siku na ufue kwa sabuni isiyo na manukato makali. Ukifika nyumbani nawa taya mara moja.

Hatua ya tano: dawa mbili, zikiingizwa moja baada ya nyingine

Dawa za kupaka zinazobeba kazi hii ni mbili: benzoili peroksaidi, inayoua bakteria wa chunusi, na adapalini, inayozuia vinyweleo visizibe na kupunguza mwako. Zote ni jeli na kwa kawaida hupatikana katika maduka ya dawa makubwa. Kama la kisiwani limeishiwa, agiza Malindi au Mombasa.

Dukani taja asilimia, usitaje jina la dawa peke yake. Benzoili peroksaidi iwe ya 2.5, ikikosekana 5. Ile ya 10 haitibu zaidi ya ya 2.5, inachoma zaidi tu. Adapalini iwe ya asilimia 0.1. Mwenye mimba au anayepanga kushika mimba asitumie adapalini. Yeye aulizie asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo ni salama wakati wa mimba na pia husaidia kufifisha madoa.

Wiki mbili za kwanza ni benzoili peroksaidi peke yake, na tunaitumia kwa namna ya kupaka na kuosha. Jioni, nawa kwa sabuni laini isiyo na harufu, kausha kwa kugusagusa, paka tabaka jembamba kwenye taya na kifua, subiri dakika 2, suuza vizuri. Ngozi ikivumilia, ongeza mpaka dakika 5. Njia hii inatoa sehemu kubwa ya faida na kupunguza sana mchomo. Ina faida nyingine ambayo wanawake wa Lamu wataithamini: dawa hii inafuta rangi ya nguo. Ikibaki kwenye ngozi, buibui jeusi litapata madoa ya rangi ya kutu yasiyotoka. Osha mikono pia, na ujifute kwa taulo jeupe.

Wiki ya tatu ingiza adapalini, usiku wa Jumapili na wa Alhamisi tu. Baada ya kunawa subiri ngozi ikauke kabisa, kama dakika 20, kisha chukua kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima na punje mbili kwa kifua. Igawe kwa vitone na uisambaze eneo lote, maana inazuia chunusi zijazo na kuipaka juu ya kipele kimoja ni kuipoteza. Juu yake paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Mwenye ngozi nyepesi kuumia apake losheni kwanza, kisha adapalini, kisha losheni tena. Wiki ya tano nenda usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Wiki ya nane, kama hakuna kuchoma, kila usiku.

Namna ya kujua umezidisha inahitaji jicho la ngozi nyeusi. Vitabu vingi vinasema tazama wekundu, lakini kwetu wekundu hauonekani. Utaona ngozi imekuwa ya kijivujivu kama majivu, au imeiva ikawa nyeusi zaidi kuzunguka mdomo na pua. Utaisikia inavuta ukicheka, na maji ya kawaida yanawasha. Hapo acha dawa zote mbili siku tatu, paka losheni tu, kisha rudi hatua moja nyuma kwenye ratiba. Kulazimisha ni kosa kubwa kwa ngozi hii kuliko kuchelewa.

Kati ya wiki ya pili na ya sita chunusi chache mpya zinaweza kujitokeza. Ni zile zilizokuwa zimeziba chini tayari. Matokeo ya kweli huonekana kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, na yeyote anayekuahidi mapema kuliko hapo anakuuzia steroidi.

Hatua ya sita: chunusi moja iliyokwisha kuvimba

Ratiba inazuia zijazo. Lakini leo asubuhi umeamka na moja chini ya taya, ngumu, inadunda. Usiibonyeze kuangalia kama imeiva. Chunusi ya ndani mara nyingi haina njia ya kutokea, na ukiikamua ukuta wake hupasukia ndani, usaha unamwagika kwenye tabaka la chini, na mwako wa siku tano unakuwa wa wiki tatu. Hii ndiyo njia ya mkato ya kuota keloidi.

Funga barafu kwenye kitambaa safi, iweke dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, siku mbili za mwanzo. Kisha iweke mbali na vidole. Plasta ndogo za haidrokoloidi zinafaa, na zikikosekana kipande cha plasta ya karatasi kinatosha, kwa sababu kazi yake kubwa ni kukukumbusha usiguse.

Ikipasuka yenyewe, osha kwa maji safi na sabuni laini, paka vaselini tupu tabaka jembamba, funika. Badilisha kila siku mpaka ngozi mpya ifunge. Watu wa huku hupenda kuacha kidonda kikauke kwa hewa au kukiosha kwa maji ya bahari, lakini kidonda kinachobaki na unyevu safi hufunga mapema kuliko kilichotengeneza gamba, na gamba ndilo linalokwanguliwa usingizini. Usipake dawa za chunusi juu ya ngozi iliyo wazi.

Kama baada ya wiki moja kinundu bado kigumu na kinauma, daktari wa ngozi anaweza kukichoma sindano ya triamsinoloni kidogo sana, steroidi ya kutuliza mwako, ya nguvu ya miligramu 2.5 kwa mililita. Hulala ndani ya siku chache. Inaweza kuacha kibonyeo kidogo au weupe kwa muda, na ndiyo maana nguvu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kutibu keloidi. Mwulize daktari anatumia ipi kabla sindano haijaingia.

Hatua ya saba: dawa za kupaka zisipotosha

Mwenye ngozi ya keloidi asisubiri miezi sita akijaribu jeli huku vinundu vya kifuani vikiendelea kutoka. Nenda hospitali mapema, hapa mjini ni King Fahd, na anza maneno yako na keloidi, ndipo utaje chunusi: "Daktari, mimi ngozi yangu huota keloidi, na sasa nina chunusi za ndani kifuani." Sentensi hiyo inabadilisha uamuzi wake.

Kinachotolewa mara nyingi ni doksisaiklini, miligramu 100 kwa siku, kwa kama miezi mitatu, pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasizoee. Haifai kwa mwenye mimba wala mtoto mdogo. Inachoma koo la chakula kama kidonge kikikwama njiani, hivyo imeze kwa bilauri nzima ya maji na usilale kwa angalau nusu saa. Mwezi wa Ramadhani wengi huimeza daku kisha wakarudi kitandani, na asubuhi kifua kinawaka. Imeze baada ya futari ukiwa bado unakaa. Usiimeze na maziwa wala dawa ya kiungulia yenye madini, zinaishika tumboni. Pia inafanya ngozi iungue upesi na jua, jambo la kukumbuka kwa wanaoshinda mashuani.

Kwa chunusi kali zaidi kuna aisotretinoini, dawa ya kumeza. Inafanya kazi kuliko zote, na kwa mwenye keloidi ifike mapema kuliko kwa wengine, lakini inaanzwa kwa dozi ndogo kwa sababu mwanzoni inaweza kuamsha chunusi kali. Ni ya daktari wa ngozi peke yake, ina vipimo vya damu, na inalemaza vibaya mtoto aliye tumboni. Usiinunue mkononi kwa mtu.

Mfano mmoja, tangu wiki ya kwanza

Tuchukue msichana wa miaka 19 wa Langoni. Ana kinundu nyuma ya sikio tangu alipotoboa tundu la pili. Paji lake lina vichwa vyeusi vidogo. Kwenye taya ana vipele sita vilivyofuata mstari wa ninja. Kifuani vinne, viwili vya ndani. Anapaka mafuta ya nazi usiku na ndimu Ijumaa, na dada yake anaolewa baada ya miezi mitatu.

Paji tunaliacha lisubiri. Wiki ya kwanza anaacha ndimu na mafuta ya nazi usoni, ananunua kitambaa chepesi cha ninja, na anaanza benzoili peroksaidi dakika 2 kwenye taya na kifua. Vile viwili vya ndani vina zaidi ya wiki mbili tayari, kwa hiyo hatungoji jeli. Anakwenda hospitali na anapewa doksisaiklini baada ya kuthibitisha hana mimba.

Wiki ya tatu anaanza adapalini mara mbili kwa wiki. Wiki ya nne kidevu kinakuwa cha majivu na kinawasha. Anasimama siku tatu, anarudi na losheni chini na juu. Wiki ya sita vipele vya taya vimebaki viwili, na kimoja cha kifuani kimelala kikaacha doa jeusi bapa. Kile cha pili kimelala pia, lakini mahali pake pamebaki pagumu. Wiki ya nane pamewasha, panang'aa, na akipima kwa rula pamekua kutoka milimita 4 hadi 6.

Hapo ndipo wengi husema "ni kovu, litapona." Chunusi iliyokufa ambayo mahali pake panaendelea kukua, kuwasha au kuchoma kama sindano ni keloidi inayoanza. Ikiwa changa namna hii hutii tiba kuliko ikishafikisha mwaka.

Anaanza jeli ya silikoni siku hiyohiyo, tabaka jembamba asubuhi na jioni kwenye ngozi iliyofunga. Vipande vya silikoni vya kubandika hukaa saa 12 au zaidi kwa siku, ila kwa joto la Lamu jasho hujaa chini yake na kuleta vipele vipya, hivyo mimi ningechagua jeli. Wakati huohuo anaomba rufaa kwa daktari wa ngozi Mombasa. Atachomwa triamsinoloni ndani ya kovu, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita kulingana na ugumu wake, kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Kwa mtu anayevuka kwa boti mpaka Mokowe kisha basi, nauli ndiyo kikwazo kikubwa kuliko sindano. Aulize siku ya kwanza kama hospitali ya karibu inaweza kuendeleza sindano kwa maelekezo ya mtaalamu.

Akiambiwa kovu likatwe tu, akatae kwa adabu. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kufuatia mara nyingi hurudi, na huweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Hata saluni zinazochoma ngozi kwa sindano ndogondogo au kuichubua kwa asidi kali zisiguse kifua wala taya lake.

Madoa yanayobaki

Doa bapa ni rangi tu, halina nyuzi ndani. Hufifia kwa miezi mitatu hadi mwaka, mapema zaidi kwa adapalini uliyo nayo tayari na kivuli dhidi ya jua. Uso ukiwa wazi, paka krimu ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi. Zenye rangi ya kahawia hazifanyi uso kuwa mweupe kama chaki.

Baada ya kovu kulala na kubaki laini miezi michache mfululizo bila kuwasha, jeli ya silikoni inaweza kuachwa, ingawa lipimwe kwa rula mara moja kwa mwezi, na likianza kukua tena sindano irudiwe bila kungoja. Doksisaiklini huisha kwa tarehe yake. Adapalini ndiyo ya kuendelea nayo, hata ngozi ikiwa safi, usiku mbili au tatu kwa wiki mpaka umri wa chunusi upite, na isimame mara tu mtu anapoanza kupanga mimba.